Mfuko Mmoja wa Saruji Hutoa Matofali Mangapi?



Tumeombwa tueleze hesabu ya matofali ya stoo yetu, kwa kuwa wengi mnauliza kwa nini tulimkataa yule mtengenezaji aliyeahidi kutoa matofali 40 ya matundu kwa kila mfuko wa saruji. Bei yake ilikuwa nzuri, hilo hatukatai. Lakini hesabu haikukubali, na hebu tuipitie pamoja.

Tuanze na kalibu. Yetu ina urefu wa sentimita 45, upana 15 na kimo 23. Ukizidisha unapata lita 15 na nusu. Ndani yake kuna matundu mawili yanayopenya juu mpaka chini, kila moja sentimita 15 kwa 7. Hayo mawili yanakula karibu lita 4.8. Kwa hiyo tofali moja linahitaji lita 10.7 tu za zege iliyoshindiliwa. Hapo ndipo tofali la matundu linapookoa saruji.

Sasa tuje kwenye mchanganyiko. Mfuko wa kilo 50 una karibu lita 35 za saruji. Tulichonga boksi la mbao lisilo na kitako, sentimita 40 kwa 35, kina 25, ambalo ni lita 35 kamili. Basi mfuko mmoja ni boksi moja. Tukisema moja kwa nane, ni mfuko mmoja na maboksi 8 ya mchanga, yaliyosawazishwa kwa ubao. Toroli hatulitumii kupimia, maana mmoja hulijaza kichuguu, mwingine hulijaza nusu, na wote wawili wanasema "toroli moja".

Maboksi yote 9 ni lita 315. Lakini saruji huingia katika nafasi za mchanga, na ukishindilia, mali hupungua karibu robo. Zinabaki kama lita 236. Gawa kwa 10.7, unapata matofali 22. Kwa moja kwa sita utapata 17. Tofali lisilo na matundu, kwa mchanganyiko wa moja kwa nane, lingetoka 15 tu. Tofauti ya tofali moja au mawili ni ya kawaida, kwa sababu mchanga haufanani.

Haya, turudi kwenye yale 40. Yanahitaji lita 428 zilizoshindiliwa, yaani karibu maboksi 16 kabla ya kushindilia. Saruji ni boksi moja. Hayo mengine 15 ni nini, jamani? Ni mchanga. Huo ni mchanganyiko wa moja kwa kumi na tano, na ukuta wake utaukwangua kwa ukucha.

Kuta za stoo, ukitoa milango na madirisha, ni mita za mraba 60. Kila mita ya mraba inachukua matofali 9, kwa hiyo ni 540. Tukaongeza 30 ya kuvunjika, yakawa 570. Kwa matofali 22 kwa mfuko, ni mifuko 26. Yeye angetumia 15. Ile mifuko 11 ndiyo iliyokuwa inaleta bei nzuri.

Lakini mchanganyiko sahihi nao huharibika kwa maji. Chukua konzi ya mali, ifinye. Ikisimama kama donge bila kulowesha kiganja, ni sawa. Ikimwagika, maji hayatoshi. Ikichuruzika, tofali litabonyea ukivuta kalibu. Changanyeni kiasi cha kumaliza ndani ya saa moja. Mali iliyoanza kukauka isiongezwe maji ikafufuliwa, kwani saruji imekwisha anza kushika.

Tofali likitoka, liwekwe kivulini. Kesho yake anzeni kumwagilia, asubuhi na jioni, siku 7 zisipungue, na mfunike kwa nyasi au magunia yaliyolowa. Saruji hupata nguvu kwa maji. Tofali lililokaushwa na jua siku ya kwanza hubaki dhaifu hata kama lilipewa saruji ya kutosha. Baada ya wiki nne gonganisha mawili: zuri hulia kwa mlio mkali, bovu hutoa mlio wa kufa na kumwaga mchanga pembeni.

Jambo la mwisho: haya ya matundu ni ya ukuta wa nyumba isiyo na ghorofa. Chini ya ardhi tumetumia yasiyo na matundu.

Basi, akina mama, mtu akikutajia idadi ya matofali kwa mfuko, muulize kwanza ukubwa wa kalibu na matundu yake. Kisha chukua kalamu.