Sivii Yako na Tangazo la Mapokezi: Jipe Alama Kabla Hujapewa

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

Leo tunazungumzia kazi ya mapokezi, yule mtu wa kwanza unayemkuta mlangoni kwenye kliniki, shule au ofisi ya shirika.

Kila tangazo la kazi hiyo likibandikwa, sivii zinazopelekwa ni nyingi na nafasi ni moja. Anayezisoma hana muda wa kukujua. Ana karatasi yenye vipengele pembeni yake, na kila sivii anaipa alama. Kwa kazi ya mapokezi, vipengele vitatu havikosekani: namna unavyozungumza kwenye simu, namna unavyopanga miadi, na usahihi wako wa kuandika kwenye kompyuta. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kaa upande wake wa meza kwa jioni moja. Chukua kalamu, ujipe alama wewe mwenyewe kabla hajakupa yeye.

Nitawapa mfano wa dada mmoja wa mtaa wetu. Alikuja studio na sivii yake na tangazo la kliniki, zikiwa zimebaki siku nne kufunga. Amekubali niusimulie mfano wake, ila jina lake nisilitaje. Tangazo lilitaka mambo matatu: mtu apokee simu kwa Kiswahili na Kiingereza kwa heshima na achukue ujumbe kwa usahihi, apange miadi kwa Google Calendar, na aandike maneno 35 kwa dakika kwa usahihi wa asilimia 97.

Kazi ya kwanza ni kuchora jedwali kabla hujaitazama sivii. Ukianza na sivii utajihurumia. Tuliandika vipengele vitatu, na kila kimoja tukakipa uzito. Simu tuliipa 4, kwa sababu tangazo liliitaja kwanza na kwa maneno mengi. Miadi tuliipa 3, na kuandika 3. Jumla ni 10.

Kisha tukaweka kanuni ya alama. Sifuri: jambo halimo kabisa. Moja: umesema unaliweza, lakini huna ushahidi. Mbili: kuna ushahidi, ila si wa kitu kilekile kilichotakiwa. Tatu: kuna ushahidi wa kitu kilekile. Alama unaizidisha kwa uzito wake. Ukipata tatu kila mahali, una 30 kwa 30.

Sasa sivii ya dada yetu. Ilisema hivi: "Ninajua kuongea na watu vizuri. Ninajua kompyuta. Ninaandika haraka. Nilifanya kazi mapokezi kituo cha afya." Kwenye simu alipata moja, kwa sababu ni dai tu, moja mara 4 ni 4. Kwenye miadi alipata sifuri, kwa sababu "ninajua kompyuta" haimwambii mtu kama uliwahi kupanga miadi hata ya mgonjwa mmoja. Kuandika alipata moja. Moja mara 3 ni 3. Jumla: 7 kwa 30.

Dada alinyamaza. Halafu akaniambia, "Kaka, mimi nimekaa kwenye ile meza miaka miwili!" Ni kweli alikaa. Lakini anayesoma hajui, kwa sababu karatasi haikusema. Alama hizi hazipimi uwezo wako. Zinapima kile ambacho karatasi imekionyesha.

(Muziki mfupi.)

Tuanze na simu. Neno "heshima" haliwezi kuonekana kwenye karatasi, lakini kazi inayofanywa kwa heshima inaonekana. Nilimwuliza dada: ulikuwa unapokea simu ngapi kwa siku? Akasema kama 30. Kwa lugha gani? Kiswahili, Kinyarwanda, na Kiingereza pale madaktari wa wilaya walipopiga. Mtu akipiga na daktari hayupo, ulifanya nini? Akasema alikuwa anaandika jina, namba, sababu na saa, kisha anamsomea mpigaji namba yake tarakimu kwa tarakimu kabla ya kukata. Nikamwambia, hilo la kusoma namba tena ndilo wanalolitafuta, na wewe umeliacha nyumbani.

Sentensi mpya ikawa hivi: "Miaka miwili nilipokea simu takriban 30 kwa siku kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kiingereza, niliandika jina, namba, sababu na saa ya kila ujumbe, na kumsomea mpigaji namba yake kabla ya kumaliza." Hapo amepata tatu. Tatu mara 4 ni 12.

Lakini jihadhari na jambo moja. Kipengele cha simu hakiishii kwenye karatasi. Wakikupenda watakupigia, na ile simu ni sehemu ya mtihani hata kama hawajasema. Kama namba uliyoandika ni ya shemeji, mwambie shemeji mapema, na mkubaliane atajibu nini. Kama simu yako huzimwa kwa kukosa umeme, andika chini ya namba saa ambazo unapatikana, kisha uzitii saa hizo.

Twende kwenye miadi. Dada hakuwahi kutumia Google Calendar. Kituo chao kilikuwa na daftari kubwa lenye mistari, na yeye aliigawa siku kwa vipande vya dakika 15, akiacha vipande viwili wazi asubuhi kwa wagonjwa wa dharura. Kabla ya kuandika jina alitazama kama mstari ule una mtu tayari. Mgonjwa asipofika, aliweka alama, na jioni alimtafuta kwa simu.

Sasa, Google Calendar inafanya kazi hiyohiyo. Unafungua siku, unachagua saa, unaandika jina na muda. Tofauti ni kwamba watu wawili wanaweza kuitazama kwa pamoja, na inaweza kutuma ukumbusho. Lakini haikukatazi kuweka watu wawili saa moja. Itawaonyesha bega kwa bega, na wewe ndiye wa kuona kwamba miadi imegongana. Kwa hiyo aliyezoea daftari ana akili inayotakiwa, amekosa chombo tu.

Je, aandike kwamba anajua Google Calendar? Hapana. Siku ya usaili watamweka mbele ya kompyuta na kumwambia, hamisha miadi hii kwenda Alhamisi. Uongo utaonekana ndani ya dakika moja, na hata zile alama 12 za simu zitatiliwa shaka. Aliandika ukweli: "Nilipanga miadi ya kila siku kwa vipande vya dakika 15 kwenye daftari, pamoja na nafasi za dharura na ufuatiliaji wa wasiofika. Ninajifunza Google Calendar." Na kweli kesho yake alikwenda maktaba akaanza kujifunza. Ushahidi upo, chombo ni kingine, kwa hiyo ni mbili. Mbili mara 3 ni 6.

(Muziki mfupi.)

Tumalizie na kuandika. Hapa wengi wetu tunaumia, kwa sababu tunajisifu kwa kasi wakati wao wanaangalia makosa.

Kasi inapimwa hivi. Hesabu vibonyezo vyote, nafasi zikiwemo, ugawe kwa 5, kwa sababu "neno" moja kwenye mtihani huu ni herufi tano. Kisha gawa kwa dakika. Dada aliandika dakika 5 kwenye kompyuta ya maktaba nami nikashika saa. Alipata herufi 900. Gawa kwa 5, ni maneno 180. Gawa kwa dakika 5, ni maneno 36 kwa dakika. Makosa yalikuwa 18. Herufi sahihi ni 882 kati ya 900, yaani asilimia 98.

Tukataka kusherehekea, lakini subiri. Wapimaji wengine huondoa neno moja kwa kila kosa. Maneno 180 ukitoa 18 ni 162, na kwa dakika 5 unapata kama 32. Tangazo lilitaka 35, halikusema kwa hesabu ipi. Kwa hesabu moja amefaulu, kwa nyingine ameanguka. Kwa hiyo tulijipa mbili badala ya tatu. Mbili mara 3 ni 6. Na kwenye sivii aliandika wazi: "Maneno 36 kwa dakika kabla ya kuondoa makosa, usahihi asilimia 98, jaribio la dakika 5." Anayesoma atajua kwamba huyu amepimwa, hakujikadiria.

Mtu atauliza, kwa nini wanasumbuka na asilimia mbili tatu? Chukua namba ya simu yenye tarakimu kumi. Kama usahihi wako ni asilimia 95 kwa kila tarakimu, kati ya namba 100 utakazoandika, kama 40 zitakuwa na kosa. Wagonjwa 40 hawapatikani! Ukiwa na asilimia 98 ni kama 18. Ukiwa na asilimia 99 ni kama 10. Ndiyo maana hata mwandishi mzuri husoma namba mara ya pili.

Mimi mwenyewe nililipia somo hili. Mwaka niliomaliza sekondari niliomba kazi ya mapokezi, nikangoja wiki tatu. Nilipokwenda kuuliza, waliniambia walipiga simu akapokea mzee mmoja asiyenijua. Nilikuwa nimegeuza tarakimu mbili za namba yangu kwenye sivii. Na juu yake nilikuwa nimeandika kwamba mimi ni makini sana.

Basi tujumlishe alama za dada yetu: simu 12, miadi 6, kuandika 6. Jumla ni 24 kwa 30. Alianza na 7, na hakuongeza uongo hata mmoja. Tukaangalia pia alama sita zilizobaki zimekaa wapi: tatu kwenye Google Calendar na tatu kwenye makosa ya kuandika. Kwa hiyo alijua siku zake azitumie wapi kabla ya usaili, badala ya kurudia yale anayoyaweza. Kwenye kibodi nilimshauri apunguze mwendo kwanza, kwa sababu mkono uliozoea kukosea haraka huendelea kukosea haraka.

Alipeleka sivii siku moja kabla ya kufungwa. Wakati ninaandika maneno haya bado hajaitwa, na sina la kuwaahidi. Wanaochagua wana mambo mengine pia, kama vibali na lugha. Lakini safari hii wakiiweka kando, hawataiweka kando kwa sababu karatasi ilificha miaka miwili ya kazi.

Wewe uliye na tangazo mkononi, chora jedwali lako usiku huu. Kisha mpe jirani sivii yako na simu yake, mwambie apige namba iliyoandikwa pale. Ikiita mfukoni mwako, endelea.

Mimi ni mtangazaji wenu. Tukutane wiki ijayo, siku na saa kama hii. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga.)