Kuripoti Hitilafu ya Programu kwa Msaada wa Kiufundi: Hatua, Matarajio na Matokeo Halisi

Mada hii inachunguza uandishi wa taarifa ya hitilafu, yaani maelezo ambayo mtumiaji wa programu ya kompyuta huyapeleka kwa kitengo cha msaada wa kiufundi ili fundi aione hitilafu hiyohiyo kwenye mashine yake. Mfano wake ni programu ya kupanga miadi katika zahanati, ambamo karani analalamika kwamba tarehe "huvurugika mara nyingine". Kauli hiyo ni ya kweli, lakini fundi akijaribu kuandika miadi ya tarehe 25 Machi ataikuta sawa, na huenda akalifunga lalamiko kwa maelezo kwamba hitilafu haikuonekana.

Taarifa inayofaa huanza na hatua za kuirudia hitilafu, ambazo ni vitendo vinavyopangwa kwa mfuatano, kila kimoja na thamani halisi iliyoandikwa:

1. Kuingia kwenye programu kwa akaunti ya karani.
2. Kufungua fomu ya miadi mpya na kuchagua mgonjwa wa majaribio.
3. Kuandika `05/03/2024` kwenye sehemu ya tarehe, kisha kuhifadhi.
4. Kufungua orodha ya miadi ya mgonjwa huyo.

Matokeo yaliyotarajiwa: miadi ionekane tarehe 5 Machi 2024, kwa kuwa fomu yenyewe inaelekeza kuandika siku, mwezi, kisha mwaka.

Matokeo halisi: miadi inaonekana tarehe 3 Mei 2024, bila ujumbe wowote wa kosa.

Matarajio hayo yameambatanishwa na msingi wake, yaani maelekezo ya fomu, kwa sababu pasipo msingi huo fundi anaweza kudai kwamba programu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Matokeo halisi nayo yanataja kilichoonekana tu, ilhali dhana ya mtumiaji kuhusu chanzo, kama anayo, huwekwa kando na kuitwa dhana.

Karani akiongeza kwamba `25/03/2024` na `05/05/2024` huhifadhiwa sawasawa, chanzo huanza kudhihirika: inaelekea programu huisoma namba ya kwanza kuwa mwezi, na hugeuza mpangilio pale tu namba hiyo inapozidi 12. Kwa hiyo zinazoathirika ni siku ya 1 hadi ya 12 ya kila mwezi, isipokuwa siku inayolingana na namba ya mwezi, jumla siku 132 kwa mwaka, na hapo ndipo neno "mara nyingine" linapopata maana.

Toleo la programu na lugha iliyowekwa kwenye kompyuta hutajwa pia, kwani usomaji wa tarehe unaweza kufuata mipangilio hiyo. Aidha, siku ambayo hitilafu ilionekana mara ya kwanza haina budi kuandikwa, kwa sababu marekebisho ya programu hayasahihishi miadi iliyokwisha kuhifadhiwa vibaya, na tarehe 3 Mei iliyogeuzwa haitofautiani kwa sura na 3 Mei ya kweli.