Leja Isiyo na Kosa: Kukagua Stoo ya Saruji kwenye Ujenzi wa Shule
Mada kwa semina ya wakaguzi wa ndani wa halmashauri

Ukaguzi wa stoo kwa kawaida huanzia mezani. Mkaguzi anaomba leja, anajumlisha hati za mapokezi, anatoa jumla ya hati za kutolea, kisha anakwenda kuhesabu kilichobaki. Leja ikisema mifuko 20 na stoo ikiwa na mifuko 20, anaandika kwamba kumbukumbu zinalingana, na hoja inafungwa. Katika mada hii nadai kuwa njia hiyo haiwezi kugundua wizi unaotokea zaidi katika stoo za ujenzi wa shule zetu, yaani ule unaoanza kwa kupokea pungufu na kufichwa kwa kutoa zaidi. Mapokezi ya uongo na matumizi ya uongo yakiwa ya kiasi kimoja, majumlisho yote yanabaki safi na hesabu ya mikono inathibitisha usafi huo. Kwa hiyo kila hati ya stoo inapaswa kupimwa kwa shahidi ambaye hakuandikwa na mkono uleule ulioandika hati.

Ninachagua stoo ya saruji kwa sababu ndiyo stoo ambayo wengi wetu tutaikagua. Tangu halmashauri zianze kujenga madarasa na zahanati kwa fosi akaunti, shule hununua vifaa yenyewe, huajiri mafundi wa eneo hilo, na hulinda vifaa hivyo katika chumba cha darasa kilichogeuzwa stoo. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, madarasa 15,000 yalijengwa nchini kwa muda wa miezi michache, na maelfu ya tani za saruji zilipita katika stoo za aina hii. Mtunza stoo mara nyingi ni mwalimu mwenye vipindi vyake darasani. Kamati ya mapokezi ni wanakijiji na walimu wanaoitwa gari likishafika, na wakati mwingine likishaondoka. Muuzaji naye halipwi mpaka hati ya mapokezi iambatanishwe na ankara, na hapo ndipo shinikizo linapoingia: hati inaandikwa ili malipo yaende, na kiasi kinachoandikwa ni kile kilichomo kwenye ankara.

Tuchukue mfano nilioutunga kwa ajili ya mjadala huu. Shule inajenga madarasa mawili. Hati ya mapokezi ya tarehe 12 Machi inaonyesha mifuko 200 ya saruji ya kilo 50, imesainiwa na wajumbe watatu, na inalingana na ankara na hati ya mzigo ya muuzaji. Hati za kutolea zinaonyesha mifuko 150 kwa zege la jamvi na mifuko 30 kwa tofali. Leja inabakiwa na 20, na stooni kuna 20. Kwa ukaguzi wa mezani hapa hakuna hoja hata moja.

Sasa tumuulize shahidi wa kwanza, yaani gari. Mifuko 200 ya kilo 50 ni tani 10. Daftari la mlinzi linaonyesha kuwa siku hiyo liliingia gari moja, mara moja, na namba iliyoandikwa ni ya lori la tani 7. Lori hilo kwa uwezo wake halali hubeba mifuko 140. Magari huzidishiwa mzigo, hilo linajulikana, kwa hiyo daftari la mlinzi peke yake halithibitishi upungufu. Linampa mkaguzi swali ambalo hati tatu zilizokubaliana haziwezi kulizua, kwa kuwa zote tatu zilinakiliwa kutoka chanzo kimoja. Hati ya mapokezi inayothibitishwa na ankara imethibitishwa na muuzaji, yaani mtu yuleyule anayenufaika nayo. Ndiyo maana kitabu kizima cha mapokezi kisicho na upungufu wowote, kisicho na mfuko hata mmoja uliopasuka au kuganda, kinapaswa kumtia mkaguzi wasiwasi kuliko kile chenye masahihisho. Wajumbe wanaohesabu kweli wakati wa kushusha, kwa kuchora mstari kwa kila mfuko, hukuta kasoro. Wanaosaini ofisini hawakuti kitu.

Shahidi wa pili ni kazi yenyewe, na hapa ndipo napendekeza tutumie muda mwingi zaidi, kwa sababu hati ya kutolea ndiyo dhaifu kuliko zote. Inasainiwa na mtunza stoo na fundi, watu wawili wanaoonana kila siku, na kitu kilichotolewa kinatoweka ndani ya zege siku hiyohiyo. Lakini saruji huacha alama inayopimika. Jamvi la darasa la mita 9 kwa mita 7 lina mita za mraba 63. Madarasa mawili yana 126. Kwa unene wa sentimita 10, zege ni mita za ujazo 12.6. Zege la uwiano wa 1:2:4, yaani sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, hula takribani mifuko sita na nusu kwa kila mita ya ujazo. Jamvi lote basi linahitaji mifuko 82 hivi, na ukiongeza asilimia 10 ya kumwagika na kuzidisha, unafika 90. Hati za kutolea zinasema 150. Pengo ni mifuko 60, sawasawa na pengo kati ya mifuko 200 ya hati ya mapokezi na mifuko 140 ambayo lori lingeweza kuleta. Upande wa tofali hauna shida: tofali zilizohesabiwa uwanjani ni 900, na tofali 30 kwa mfuko ni kiwango cha kawaida kwa tofali za inchi sita. Hivyo mifuko 140 ilifika, 90 iliingia kwenye jamvi, 30 kwenye tofali, na 20 ipo. Mifuko 60 haikuibwa stooni. Haikuwahi kufika, na hati za jamvi ziliandikwa ili kuizika.

Wahandisi watapinga, na pingamizi lao ni la kweli. Unene wa jamvi hutofautiana, udongo ukiwa na mashimo zege huongezeka, na fundi anaweza kubadili uwiano kwa maelekezo halali. Mkaguzi wa hesabu si mtu wa kutoa hukumu juu ya zege. Nakubali, na ndiyo maana hesabu hii haipaswi kuingia kwenye taarifa kama uthibitisho. Kazi yake ni kuchagua wapi pa kuchimba. Tofauti ya asilimia 10 au 15 inaweza kumezwa na hali ya uwanja. Hati zinazozidi makadirio kwa theluthi mbili zinahitaji mhandisi wa halmashauri aje na futi yake, apime unene pembezoni, na aseme kiasi alichokiona. Upo pia ukomo mmoja ambao lazima tuuandike wazi. Ikiwa saruji iliibwa baada ya kutolewa, na fundi akachanganya zege dhaifu, vipimo vya ukubwa wa jamvi havitaonyesha zege hilo lilikula mifuko mingapi. Hapo shahidi pekee ni kipimo cha uimara wa zege lenyewe, na mkaguzi anayeona jamvi linalochubuka kwa kukwaruzwa na msumari anapaswa kukiomba.

Shahidi wa tatu ni mlango. Udhibiti wa kuingia stooni kwa kawaida tunaukagua kwa kuuliza nani ana ufunguo, tunaandika jina, tunaendelea. Swali lenye faida ni jingine: stoo ilifunguliwa siku zipi, na hati zinasema saruji ilitoka siku zipi? Mlango ukiwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtunza stoo na mwingine kwa mjumbe wa kamati ya ujenzi, na kukiwa na daftari ambalo wote wawili wanasaini kila wanapofungua, tunapata ratiba isiyotegemea hati. Katika mfano wetu, daftari la mlango linaonyesha stoo ilifunguliwa siku nne kwa kazi ya jamvi, lakini hati za kutolea zina tarehe za siku saba. Tena hati namba 31 ina tarehe 14 Machi wakati namba 29 ina tarehe 19. Hati zilizoandikwa saruji inapotoka haziwezi kurudi nyuma hivyo. Ziliandikwa pamoja, baadaye, na mtu aliyekuwa anatafuta jumla fulani.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba shule haina watu wa kutosha. Nani atahesabu, nani atatunza, nani atashika ufunguo wa pili, wakati mwalimu mmoja anafanya yote? Hoja hii inachanganya vyeo na matendo. Kinachotakiwa kutenganishwa ni matendo matatu: kuagiza, kushuhudia mzigo ukifika, na kutoa. Mjumbe wa serikali ya kijiji anaweza kushika ufunguo wa pili bila kulipwa mshahara, na mlinzi anayejua kuandika namba ya gari na saa tayari ni udhibiti mmoja wa mapokezi. Kinachogharimu ni kufuli ya pili na madaftari mawili. Upungufu wa mfano wetu, kwa bei ya shilingi 17,000 kwa mfuko, ni shilingi 1,020,000 kwa gari moja. Gharama ya kweli, nakiri, ni kuchelewa: kazi ikisimama kwa kumsubiri mwenye ufunguo wa pili, fundi analalamika, na mkuu wa shule atashawishika kukusanya funguo zote mfukoni mwake. Basi saa za kufungua zipangwe mapema, asubuhi kabla ya kazi, na saruji ya siku itoke kwa mara moja.

Wengine wanasema mifumo ya kielektroniki inaelekea kuondoa tatizo hili. NeST imeuweka ununuzi hadharani kuliko zamani, na MUSE inapitisha malipo kwa njia ya mfumo. Lakini hakuna mfumo kati ya hiyo unaoliona lori. Mapokezi ya mifuko 200 yanayoingizwa kwenye kompyuta na mtu aliyeisoma ankara ni uongo uleule, isipokuwa sasa una namba ya muamala na unaonekana kuwa wa kuaminika zaidi.

Kwa hiyo napendekeza tubadili mpangilio wa siku ya ukaguzi. Tukifika shuleni tuanze getini kwa kuomba daftari la magari na kulipiga picha, twende mlangoni tuchukue daftari la kufungua stoo, tuhesabu mifuko huku tukishusha safu mbili au tatu ili kuona kama katikati ya rundo kuna nafasi, tupime jamvi na kuhesabu tofali, na ndipo tuombe leja. Tukiomba leja kwanza, tunampa mwenye stoo asubuhi nzima ya kulinganisha madaftari mengine nayo. Na tunapoandika hoja, tuandike mapokezi na matumizi kama hoja mbili zenye wahusika tofauti, kwa sababu wajumbe waliosaini mifuko ambayo hawakuihesabu wana la kujibu hata kama hawakupata senti, na muuzaji aliyelipwa kwa mzigo ambao haukufika anadaiwa fedha hizo.