Kisanduku cha Herufi na Hati ya Kiswahili



Mara nyingi tumeelezwa kuwa Kiswahili kilihamia hati za Kirumi kwa sababu ya uwezo wa wamishonari na serikali za kikoloni. Maelezo hayo ni kweli, lakini yanasahau kifaa kimoja: kisanduku cha herufi za risasi.

Kabla ya mtambo wa chapa, tenzi za pwani zilinakiliwa kwa mkono katika hati za Kiarabu. Nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 ni ushahidi wa kazi hiyo. Mwandishi mwenye kalamu huunganisha herufi apendavyo. Mpanga chapa hawezi, kwa kuwa kila umbo ni kipande chake cha risasi. Herufi nyingi za Kiarabu zina maumbo manne, kutegemea nafasi yake katika neno, na juu ya hayo huhitajika irabu. Hivyo kisanduku hujaa mamia ya vipande, na kazi huwa ya polepole na ya gharama.

Edward Steere aliwasili Unguja mwaka 1864, na misheni yake ikapiga chapa Kiswahili kwa hati za Kirumi. Herufi zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza zilitosha bila alama mpya. Hata hivyo, hazikutosha kwa idadi. Tazameni sentensi hii: "Watoto wanasoma vitabu vya hadithi." Ina herufi 30, saba ni "a", na hakuna "e" hata moja. Seti ya Kiingereza huwekewa "e" nyingi kuliko herufi nyingine yoyote. Kwa hiyo "a" humalizika mapema, na mpanga chapa hulazimika kupiga kurasa chache, kuzivunja, kisha kurudisha herufi kisandukuni kabla ya kuendelea.

Je, hati za Kiarabu hazikuweza kuchapwa? Ziliweza. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na mtambo wake, nao ulichapa hasa vitabu vya Kiarabu vya fiqhi ya Kiibadhi. Kiswahili ndicho kilichobaki nje ya kisanduku hicho.

Matokeo yake yalifika darasani. Kitabu cha chapa kilitoa nakala nyingi zinazofanana, basi wanafunzi wa shule zilizo mbalimbali walisoma tahajia moja, nayo ikaegemea Kiunguja, lahaja ya mahali palipokuwa na mtambo. Kiunguja ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928. Tenzi za Lamu na Mombasa ziliendelea kuishi katika miswada, na wasomi waliohitimu chuoni kwa hati za Kiarabu wakaingia katika hesabu ya wasiojua kusoma.

Tunapoandika historia ya elimu yetu, basi, tusilichukulie lililochapwa kuwa ndilo lote lililoandikwa.