Pampu ya Bei Nafuu na Bili ya Stima: Maelezo kwa Wakazi Kuhusu Ununuzi wa Vifaa vya Maji



Wakazi huuliza kwa nini zabuni ya bei ya chini wakati mwingine haishindi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015, kifungu cha 86, inaruhusu mshindi kuchaguliwa kwa gharama yote ya kumiliki kifaa, mradi hati za zabuni ziwe zimesema hivyo mapema.

Chukueni mfano wa kisima kinachohitaji mita 20 za ujazo za maji kwa saa, yakiinuliwa mita 90. Mzabuni mmoja anaagiza pampu kutoka ng'ambo kwa Sh300,000. Mwingine, mwenye fundi na vipuri nchini, anataka Sh520,000. Tofauti ni Sh220,000, na hapo wengi wangefunga mjadala.

Lakini pampu ya kwanza inakula kilowati 12, ya pili kilowati 9, kwa maji yale yale. Ikifanya kazi saa nane kwa siku, siku 300 kwa mwaka, pampu ya kwanza inamaliza yuniti 7,200 zaidi. Kwa makisio ya Sh20 kwa yuniti, hizo ni Sh144,000 kila mwaka. Kabla mwaka wa pili haujaisha, nafuu yote imekwenda kwenye stima.

Kisha mota iungue. Pampu iko chini ya ardhi, kwa hiyo lazima kreni ikodishwe kuitoa mabomba yote. Kipuri kisipopatikana nchini, kinasubiri meli, ukaguzi na kibali cha bandarini Mombasa. Wiki hizo zote wananchi wananunua maji ya boza, gharama ambayo haiandikwi popote katika zabuni.

Hata hivyo, pampu ya ng'ambo si mbaya kwa kuwa ni ya ng'ambo. Nyingi zinazouzwa hapa nchini zimetoka huko huko. Na kisima kikipiga maji saa moja tu kwa siku, tofauti ya stima inashuka hadi Sh18,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni Sh90,000, na pampu ya bei nafuu inabaki mbele, ilimradi vipuri vyake vinapatikana.

Kamati ya maji inaweza kujipimia yenyewe. Isome mita ya stima na mita ya maji kwa wakati mmoja, pampu ifanye kazi saa moja, kisha isome tena na kugawanya yuniti kwa mita za ujazo. Katika mfano huu pampu nzuri inatoa 0.45, ile nyingine 0.6. Kipimo hicho kifanywe siku ya kukabidhiwa mradi, kabla ya mkandarasi kulipwa, na kiandikwe kwenye daftari la kamati. Baadaye kikipanda, huenda mabapa ya ndani yamelika kwa mchanga au bomba linavuja kisimani.