Hotuba ya Mchapishaji Siku ya Kuzinduliwa Kitabu cha Kwanza cha Dada Yetu

(Ilisomwa mbele ya wanachama na wazee mjini Kisumu)



Kazi ya mchapishaji hufanywa mezani, kimya kimya, wala si desturi yetu kuhutubia watu. Leo nimetoka kwa sababu moja tu, nayo ni kumpongeza Bibi huyu aliyeketi mbele yenu, ambaye ametimiza kitabu chake cha kwanza, riwaya ya mama mchuuzi wa omena katika ufuo wa ziwa letu.

Kabla ya kusema juu yake, naomba nimkumbushe aliyetangulia. Wazee wengi hapa wanamkumbuka marehemu Bibi Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015. Kazi yake ya kwanza ilikuwa uuguzi, aliojifunza Uganda na Uingereza. Baadaye akaanza kuandika hadithi alizozisikia utotoni kwa bibi yake. Moja yao ni ya binti wa mtemi anayetolewa kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi alivyoipeleka hadithi hiyo na nyingine katika ofisi moja ya uchapishaji, zikakataliwa. Wakubwa wa ofisi hawakufahamu jinsi mwanamke Mkristo angeweza kuandika habari za kafara na dawa za kienyeji, badala ya kuandika habari za wokovu.

Angalieni, wazee wangu, kosa lilikuwa wapi. Msomaji wa ofisi hakuuliza kama hadithi imesimuliwa vema. Aliuliza kama mwandishi anafanana na hadithi yake. Bibi Ogot hakuibadili hadithi ili impendeze. Mwaka 1962 aliisoma katika mkutano wa waandishi kule Makerere, ambako aliona kwamba hakuna vitabu vya waandishi wa Afrika ya Mashariki vilivyowekwa mezani. Mwaka 1963 ikachapwa katika jarida la Black Orpheus la Nigeria. Basi hadithi ya ziwa hili ilibidi ivuke bara zima ipate mchapaji. Mwaka 1966 ndipo riwaya yake, The Promised Land, ilipotolewa Nairobi na East African Publishing House. Inasimulia habari za mume na mke waliohama kutoka Nyanza kwenda kutafuta ardhi Tanganyika. Na mwaka 1983 alitoa Miaha kwa Kijaluo, kitabu ambacho Okoth Okombo alikitafsiri, kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1989.

Nimeyataja hayo kwa kuwa mimi nami nilikaribia kumkosea dada yetu. Katika mswada wake kuna usiku ambapo wavuvi wanatoka na taa kuvua omena, na mama yule anawangoja ufukweni gizani. Mimi, mtu wa mezani, niliona giza hilo halina uzuri. Nikaandika pembeni ya ukurasa kwamba afadhali mwezi mpevu uonekane juu ya maji. Mswada uliporudi, Bibi alikuwa ameandika chini ya maneno yangu: “Mwezi ukiwaka, omena hawaifuati taa. Usiku huo wavuvi hulala nyumbani, na mama huyu hana la kungoja.” Ninyi mnaoishi hapa mnajua kwamba yeye ndiye aliyesema kweli. Laiti angenitii, msomaji wa kwanza wa Dunga au Usenge angekifunga kitabu katika ukurasa ule, asikiamini tena. Ndiyo maana nampongeza. Mwandishi mpya huogopa kalamu ya mchapishaji, akakubali kila alama. Yeye alikubali mengi yaliyohusu lugha, lakini katika jambo alilolijua kwa macho yake hakurudi nyuma.

Sasa naomba ruhusa niseme juu ya fedha, kwa maana wazee wataulizwa na vijana wao wanaotaka kuandika. Siku ya kutia sahihi mapatano, Bibi aliniuliza swali ambalo wengi hawaulizi. Mapatano yalisema mrabaha wake utakuwa asilimia 10. Akauliza, “Asilimia 10 ya nini?” Kitabu hiki kinauzwa shilingi 800. Mwenye duka hubakiza asilimia 30, yaani shilingi 240, nasi hupata 560. Asilimia 10 ya bei ya dukani ni shilingi 80, bali asilimia 10 ya fedha zinazotufikia ni shilingi 56. Kwa nakala 1,000 tofauti yake ni shilingi 24,000. Nilimjibu kweli, kwamba katika zile 560 sisi hulipa mchapaji, msahihishaji, usafiri na ghala, na kwamba tunaweza kutoa shilingi 56. Akakubali, lakini akataka iandikwe waziwazi. Ikaandikwa.

Tena tulikubaliana kwamba kila mwaka nitamletea hesabu yenye tarakimu nne: nakala zilizochapwa, zilizouzwa, zilizotolewa bure, na zilizobaki ghalani. Tumechapa 1,000, na 40 zimetengwa kwa magazeti, maktaba na mwandishi mwenyewe. Tuseme mwakani nikimwambia kwamba zimeuzwa 610. Hapo ghalani hazina budi kubaki 350, naye atapata shilingi 34,160. Zikiwa zimebaki 250, yaani 100 hazionekani, ana haki ya kuja na kuniuliza zimekwenda wapi. Mtu asione haya kuuliza hivyo. Hesabu isiyolingana haimaanishi wizi daima, huenda mwenye duka hajaleta fedha au marobota yamelowa mvua, lakini ni lazima ielezwe.

Mmeona basi kwamba shilingi 34,160 ni kidogo kwa kazi ya miaka minne. Hapo ndipo ninyi mnapoingia. Nakala inayotolewa fotokopi mtaani haimletei Bibi hata senti moja. Utaitambua kwa kurasa zenye rangi ya kijivu, na jalada ambalo picha yake imefifia. Tena, jamaa wapendwao humwendea mwandishi wakisema, “Dada, yangu iko wapi?” Kwa mapatano yetu Bibi alipewa nakala 10 katika zile 40. Ya kwanza alimpelekea mama yake, na nyingine zimekwisha kabla ya leo. Kila nakala atakayoitoa tangu sasa atainunua kwetu kwa fedha zake mwenyewe. Kwa hiyo mzee anayemwomba moja kwa upendo anamwomba, bila kujua, arudishe mrabaha wa nakala 10 au zaidi. Afadhali amwombe atie sahihi katika nakala aliyoinunua. Sahihi ni bure.

Bibi, Bibi Ogot alikataliwa, akangoja miaka, hadithi yake ikasafiri hadi Nigeria kabla ya kurudi kwao. Cha kwako kimezinduliwa hapa hapa, mbele ya watu wanaojua kwamba omena huvuliwa gizani. Hao ndio wasomaji wagumu kuliko wote, na wako tayari kukusoma. Hongera sana, na mswada wa pili utakapokuwa tayari, nitauleta mwezi kwa idhini yako tu.