Ripoti ya Ziara ya Nakivale: Kutenga Tulichoona na Tulichowaza

Wakufunzi na wanafunzi wa studio ya usanifu,

Nakivale, wilayani Isingiro, ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Hata hivyo mwanafunzi anayetoka Mbarara hufika huko akiwa na picha ya hema kichwani, na ripoti yake husema "nyumba duni" kabla haijasema ukuta umejengwa kwa kitu gani. "Duni" ni hukumu, wala haipimiki.

Tuchukue nyumba ya mfano, ya fito na udongo, paa la bati. Ukurasa wa daftari ugawanywe sehemu mbili. Kushoto aandike: "Saa nne asubuhi. Ukuta wa magharibi: udongo umetoka na fito zinaonekana, kutoka chini hadi sentimita 45. Upenu sentimita 15. Ukuta wa mashariki: upenu sentimita 60, udongo mzima." Mwingine anaweza kwenda na tepu akahakiki kila neno. Kulia aandike: "Huenda matone ya paa yanadunda chini na kuula ukuta, kwa kuwa upenu ni mfupi."

Hiyo "huenda" inadai kazi. Kama ni matone, patakuwa na mstari wa vishimo ardhini, sambamba na ukingo wa bati. Kama ni mvua ya upepo, ukuta ungelika hata juu. Kama ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, upande wa mashariki nao ungeonyesha dalili, isipokuwa kiwanja kiwe na mteremko. Kwa hiyo mteremko nao upimwe. Mbuzi wanaojikuna ukutani nao wasisahaulike. Majibu yote ya uchunguzi huo yanarudi kushoto.

Maneno ya wenyeji ndiyo huleta utata mkubwa zaidi. Mama mwenye nyumba akisema, "Tunakandika upya kila baada ya mvua," kilichothibitika ni kwamba amesema hivyo. Yaandikwe kushoto kama kauli, bila jina lake, na itajwe lugha: Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi au Kisomali. Palipo na mkalimani, ielezwe kama alitafsiri neno kwa neno au alifupisha, maana muhtasari wake tayari una maoni yake.

Kikagate, kwenye mpaka wa Tanzania, mtego ni mwingine. Mwanafunzi akiona mtu amebeba gunia kuelekea mto Kagera, kalamu yake hukimbilia kuandika "magendo." Alichoona ni mtu, gunia na mwelekeo tu.

Wakufunzi, nawaomba msome kwanza upande wa kushoto peke yake. Msipoweza kuchora ukuta ule kutokana na maandishi hayo, mrudisheni mwanafunzi Nakivale kabla ya kugusa mapendekezo yake.